Majibu Manne, Orodha Moja: Kosa la Programu Zinazorudi Nyuma

Programu inayotafuta majibu kwa kurudi nyuma inaweza kulipata kila jibu sahihi, ikaliweka mahali pake, kisha mwishoni ikaonyesha kwenye skrini majibu yaliyofanana yote. Mara nyingi huwa matupu. Idadi ya majibu ni ileile iliyotarajiwa, hakuna ujumbe wowote wa kosa, na hesabu za ndani zimekwenda sawasawa tangu mwanzo hadi mwisho. Kilichoharibika ni yaliyomo ndani ya majibu, na chanzo chake ni mstari mmoja mfupi: ule unaohifadhi jibu. Katika lugha ya Python, mstari huo huhifadhi orodha ileile kila mara badala ya kuhifadhi nakala yake.

Kurudi nyuma ni njia ya zamani kuliko kompyuta za leo. Jina lake la Kiingereza huhusishwa na mwanahisabati Mmarekani D. H. Lehmer, aliyelitumia katika miaka ya 1950, lakini wazo lenyewe ni jepesi. Jibu hujengwa kipande kwa kipande. Kila hatua programu huongeza kipande kimoja, hutazama kama bado kuna njia ya kuendelea, na ikifika ukingoni hukiondoa kipande cha mwisho na kujaribu kingine mahali pake. Kwa hiyo kuna kitu kimoja kinachobeba jibu lililojengwa nusu, na kitu hicho hurefuka na kufupika muda wote programu inapofanya kazi. Uchumi wa njia hii uko hapo: haihitaji kuunda orodha mpya kwa kila jaribio. Kosa linalozungumzwa hapa nalo huzaliwa hapohapo.

Mfano mdogo unatosha kulionyesha. Linatakiwa kupatikana kila namna ya kulipa shilingi 5000 kwa kutumia noti za 5000, 2000 na 1000, bila kujali mpangilio wa noti mkononi. Jibu linaweza kuhesabiwa kwa vidole: noti moja ya 5000, noti mbili za 2000 na moja ya 1000, noti moja ya 2000 na tatu za 1000, au noti tano za 1000. Ni namna nne. Programu ya Python inayozitafuta inaweza kuandikwa hivi:

```python
def tafuta(kiasi, noti, mwanzo, njia, majibu):
    if kiasi == 0:
        majibu.append(njia)
        return
    for i in range(mwanzo, len(noti)):
        if noti[i] <= kiasi:
            njia.append(noti[i])
            tafuta(kiasi - noti[i], noti, i, njia, majibu)
            njia.pop()

majibu = []
tafuta(5000, [5000, 2000, 1000], 0, [], majibu)
print(majibu)
```

Orodha iitwayo `njia` ndiyo inayobeba noti zilizokwisha kuchaguliwa. Orodha iitwayo `majibu` ndiyo ghala. Funksheni `tafuta` hujiita yenyewe kila inapochagua noti, ikipunguza kiasi kilichobaki. Kiasi kikifika sifuri, jibu limekamilika na huwekwa ghalani. Nambari `mwanzo` inazuia programu isirudie noti kubwa baada ya kushuka kwenye ndogo, ndiyo maana 2000 na 1000 hazihesabiwi tena kama 1000 na 2000. Kila kitu kiko mahali pake, na msomaji anayeupitia msimbo huu kwa macho hana pa kutilia shaka. Hata hivyo programu huandika hivi:

```
[[], [], [], []]
```

Mabano manne, na ndani yake hamna kitu.

Ili kuona kilichotokea, inafaa kuifuata `njia` hatua kwa hatua. Inaanza ikiwa tupu. Noti ya 5000 inaongezwa, kiasi kinafika sifuri papo hapo, na `njia` yenye 5000 peke yake inawekwa ghalani. Kisha amri ya `pop` inaiondoa ile 5000, na `njia` inakuwa tupu tena. Inaongezwa 2000, halafu 2000 nyingine, halafu 1000: jibu la pili. Noti ya 1000 inaondolewa, na ya 2000 ya pili nayo inaondolewa, inabaki 2000 ya kwanza. Juu yake zinapandishwa 1000 tatu mfululizo, na hilo ni jibu la tatu. Zote zinaondolewa, hata ile 2000 ya chini. Mwishoni zinaongezwa 1000 tano, jibu la nne linawekwa, na zote tano zinaondolewa. Kwa jumla noti zimeongezwa mara 12 na kuondolewa mara 12. Safari iliyoanza na orodha tupu imemalizika na orodha tupu, na ndivyo inavyopaswa kuwa: programu ya kurudi nyuma ambayo `njia` yake haikurudi kama ilivyokuwa mwanzoni ina kosa jingine.

Sasa swali ni kwa nini utupu huo wa mwisho uliingia ndani ya majibu yaliyokwisha hifadhiwa. Jawabu lake liko katika namna Python inavyoshughulika na majina na vitu. Jina `njia` si kisanduku chenye noti ndani yake. Ni jina linaloelekeza kwenye orodha fulani iliyo mahali fulani ndani ya kumbukumbu ya kompyuta. Amri `majibu.append(njia)` haichukui noti zilizomo na kuzipeleka ghalani. Inachopeleka ni uelekezo tu, yaani mahali ilipo orodha hiyo. Mara nne programu inafika kwenye mstari huo, na mara nne inapeleka uelekezo wa orodha moja. Anwani ya nyumba ikiandikwa kwenye vikaratasi vinne haijengi nyumba nne; wapangaji wakihama, vikaratasi vyote vinne vinampeleka mgeni kwenye nyumba tupu.

Jambo hili linaweza kuthibitishwa bila kubahatisha. Python ina neno `is` linalouliza kama majina mawili yanaelekeza kwenye kitu kimoja, tofauti na alama `==` inayouliza kama vitu viwili vina yaliyomo sawa. Baada ya programu kumaliza, `majibu[0] is majibu[1]` hujibu `True`. Funksheni `id` nayo hutoa nambari ya utambulisho ya kila kitu kilicho hai, kwa hiyo mstari ufuatao huhesabu ni orodha ngapi za kweli zimo ghalani:

```python
print(len(majibu), len(set(map(id, majibu))))
```

Kwa programu iliyo juu hutoka 4 na 1: nafasi nne, orodha moja. Programu iliyo salama hutoa 4 na 4. Kipimo hiki kina sharti lake. Vitu vinavyolinganishwa lazima viwe hai kwa wakati mmoja, kwa sababu nambari ya kitu kilichofutwa inaweza kupewa kitu kingine kinachozaliwa baadaye. Ndani ya ghala la majibu sharti hilo limetimia, kwani ghala lenyewe linavishikilia vyote.

Katika msimbo uleule kuna kitu kingine kinachobadilika kila hatua, nacho ni `kiasi`, lakini hakina tatizo hata kidogo. Kinapungua kutoka 5000 hadi sifuri na kupanda tena, na hakuna aliyeandika mstari wa kukirudisha. Tofauti ni kwamba nambari katika Python haibadiliki. Usemi `kiasi - noti[i]` huzaa nambari mpya, na kila wito wa `tafuta` hubaki na nambari yake. Programu inaporudi nyuma, wito wa juu bado una kiasi chake cha zamani. Orodha ni kinyume: `njia.append` haizai orodha mpya bali huibadilisha iliyopo, na wito wote, wa juu na wa chini, wanaitazama hiyohiyo. Ndiyo sababu `njia` inahitaji `pop` na `kiasi` hakihitaji. Mtu akishaliona hilo, mstari wa `pop` wenyewe unamwonya: kitu kinachohitaji kurudishwa kwa mkono ni kitu kinachotumiwa kwa pamoja, na kitu kinachotumiwa kwa pamoja hakiwezi kuwekwa ghalani kama kilivyo.

Kosa hili ni gumu kulinasa kwa njia ambayo waandishi wengi wa programu huikimbilia kwanza, yaani kuchapisha yaliyomo. Mtu akiweka `print(njia)` juu tu ya `majibu.append(njia)`, ataona kwenye skrini majibu manne kamili, moja baada ya jingine, yote sahihi. Ataamini kwamba utafutaji uko sawa, na kweli uko sawa. Atahitimisha kwamba kuna kitu kinachofuta majibu baadaye, na ataanza kutafuta mahali ambapo `majibu` inaguswa. Hatapapata, kwa kuwa ghala halijaguswa na yeyote. Kilichoguswa ni `njia`, mistari michache chini yake. Uchunguzi unaofaa ni kuchapisha ghala zima, si `njia`, kila jibu linapoongezwa. Jibu la kwanza likiingia, ghala linaonyesha 5000. La pili likiingia, linaonyesha mara mbili mfululizo wa 2000, 2000, 1000, na ile 5000 haipo tena. La tatu likiingia, mfululizo wa tatu unaonekana mara tatu. Jibu la zamani kugeuka likawa jipya ni dalili ambayo haiwezi kuletwa na sababu nyingine kirahisi.

Sura ya mwisho ya kosa si lazima iwe mabano matupu. Hutegemea `njia` iliachwa katika hali gani. Mwandishi akisahau mstari wa `pop`, programu bado hupata majibu manne, kwa kuwa `kiasi` kinajirudi chenyewe, lakini `njia` hurefuka tu. Mwishoni kila jibu ni orodha moja ya noti 12: 5000 moja, 2000 mbili, na 1000 tisa. Katika programu za kupanga vitu kwa kila mpangilio unaowezekana, ambazo mara nyingi hufanya kazi kwa kubadilishana nafasi za vitu ndani ya orodha moja na kisha kuvirudisha, hakuna kinachoondolewa. Hapo majibu yote hutoka yakiwa mpangilio wa mwanzo: kwa `[1, 2, 3]` ghala huwa na `[1, 2, 3]` mara sita. Sura hii ndiyo inayodanganya zaidi, maana hailingani na kitu kilichofutwa. Inafanana na programu ambayo haikufanya kazi yoyote, na mwandishi huenda kuchunguza mistari ya kubadilishana nafasi, iliyo salama kabisa.

Tiba ni kuhifadhi nakala. Mstari mmoja hubadilika:

```python
majibu.append(njia[:])
```

Mabano yenye nukta mbili yanasema "orodha mpya yenye vitu vyote kuanzia mwanzo hadi mwisho". Maandishi `list(njia)` hufanya kazi ileile, na vivyo hivyo `njia.copy()`, iliyoongezwa katika Python 3.3. Kuchagua kati ya hizo tatu ni suala la ladha, ingawa `njia.copy()` ina faida ya kusomeka na mtu asiyejua desturi za lugha hiyo. Kinachohitajika ni nakala ichukuliwe wakati huohuo jibu linapokamilika, kabla programu haijaanza kurudi nyuma. Programu iliyorekebishwa huandika:

```
[[5000], [2000, 2000, 1000], [2000, 1000, 1000, 1000], [1000, 1000, 1000, 1000, 1000]]
```

Kuna marekebisho yanayofanana na tiba lakini si tiba, na yanastahili kutajwa kwa sababu kila moja linaonyesha upande fulani wa jambo hili. La kwanza ni kuipa orodha jina la pili, kwa mfano kuandika `jibu = njia` na kisha `majibu.append(jibu)`. Alama ya usawa katika Python hainakili kitu. Huongeza jina juu ya kitu kilekile. La pili ni kuandika `njia = []` mara baada ya kuhifadhi, kwa nia ya kuiachia ghala orodha ya zamani na kuanza na mpya. Jina `njia` ndani ya wito huo wa chini litahamia kwenye orodha mpya kweli, lakini wito ulio juu yake bado una jina lake `njia` linaloelekeza kwenye orodha ya zamani, na ndio utakaofanya `pop`. Hakuna kinachobadilika katika matokeo.

La tatu ni kunakili mwishoni, baada ya utafutaji kumalizika. Hapo wengine huleta chombo kizito, `copy.deepcopy`, kinachonakili kitu pamoja na vyote vilivyomo ndani yake. Kimechelewa: yaliyomo yameshafutwa, na nakala ya orodha tupu ni orodha tupu. Zaidi ya hapo, chombo hicho hukumbuka vitu ilivyokwisha kunakili, ili kitu kinachoonekana mara nne ndani ya ghala kinakiliwe mara moja tu na kuonekana mara nne katika nakala. Kwa maneno mengine, `deepcopy` ya ghala hili huhifadhi kosa lenyewe kwa uaminifu: nafasi nne, orodha moja.

Njia nyingine iliyo salama ni kutobadilisha `njia` kabisa. Badala ya kuongeza na kuondoa, kila wito hupewa orodha mpya:

```python
tafuta(kiasi - noti[i], noti, i, njia + [noti[i]], majibu)
```

Hapa mistari ya `append` na `pop` inayoizunguka hufutwa. Alama ya kujumlisha huzaa orodha mpya, hivyo `njia` inapata tabia ileile ya `kiasi`: kila wito una yake, na kurudi nyuma hutokea penyewe. Hata `majibu.append(njia)` bila nakala inakuwa sahihi, kwa sababu hakuna atakayeigusa orodha hiyo tena. Gharama yake ni kwamba nakala hufanyika katika kila hatua, hata kwenye njia zisizofika popote, ilhali tiba ya kwanza hunakili pale tu jibu linapopatikana. Katika mfano wa noti hatua ni 12 na majibu ni manne. Hakuna atakayehisi tofauti. Katika utafutaji wenye njia nyingi zisizo na jibu tofauti huwa kubwa, na hapo kuongeza na kuondoa ni bora. Tahadhari moja: `njia += [noti[i]]` haifanani na `njia = njia + [noti[i]]`. Ya kwanza huibadilisha orodha iliyopo, sawa na `append`, na kosa hurudi lilikotoka.

Nakala ya kawaida nayo ina mpaka wake, na mpaka huo huonekana vizuri katika fumbo la malkia wanane. Fumbo hilo, lililotolewa na mtunzi wa mafumbo ya sataranji Max Bezzel mwaka 1848, linataka malkia wanane wapangwe kwenye ubao wa mraba wenye safu nane na nguzo nane pasipo mmoja kumshambulia mwingine, yaani wasikutane katika safu, nguzo wala mshazari. Lina majibu 92, na limekuwa zoezi la kawaida la kufundishia utafutaji wa kurudi nyuma. Wanaoliandika kwa Python mara nyingi huuwakilisha ubao kwa orodha ya orodha: safu nane, kila safu ikiwa orodha ya alama nane, nukta kwa nafasi tupu na herufi `Q` kwa malkia.

Mwandishi aliyejifunza tiba iliyo juu ataandika `majibu.append(ubao[:])` na kutarajia mbao 92. Atapata mbao 92 zisizo na malkia hata mmoja. Nakala ya mabano na nukta mbili hunakili ngazi ya juu tu. Orodha ya nje ni mpya kila mara, lakini safu nane zilizomo ni zilezile za ubao wa kazi, na programu inaporudi nyuma na kumwondoa malkia, inamwondoa kutoka kwenye safu ambayo majibu yote 92 yanaitumia. Kipimo cha `id` kilichotumika mwanzo kinahadaa hapa, kwa kuwa kikielekezwa kwenye mbao kitasema ni 92 tofauti. Lazima kishuke ngazi moja, kulinganisha safu: `majibu[0][0] is majibu[1][0]` itajibu `True`.

Tiba ni kunakili hadi kwenye ngazi inayobadilika:

```python
majibu.append([safu[:] for safu in ubao])
```

Wengi huifikia tiba hii bila kujua, kwa sababu fumbo hilo mara nyingi hutaka kila safu irudishwe kama maandishi na si kama orodha ya alama. Usemi `["".join(safu) for safu in ubao]` huunganisha alama za kila safu kuwa neno moja, na maneno katika Python hayabadiliki, kama nambari. Mwandishi anadhani amepamba jibu, kumbe ndipo alipoliokoa. Akiondoa `join` siku nyingine kwa kuona haihitajiki, kosa ambalo halikuwahi kuonekana linajitokeza. Kwa upande mwingine, fumbo hili halihitaji ubao wa orodha ya orodha hata kidogo. Kwa kuwa kila safu ina malkia mmoja tu, orodha ya nambari nane inatosha, kila nambari ikitaja nguzo aliyokaa malkia wa safu hiyo. Orodha hiyo ina ngazi moja, na `[:]` inaitosheleza.

Lugha za kompyuta hazifanani katika jambo hili, na ndiyo maana kosa humpata hata mtu mzoefu anapohama lugha. Java na JavaScript zina tabia ya Python: `majibu.add(njia)` katika Java huhifadhi uelekezo, na anayetaka nakala huandika `new ArrayList<>(njia)`, katika JavaScript huandikwa `[...njia]` au `njia.slice()`. C++ ni kinyume. Ghala la aina ya `vector` likipewa `njia` kwa amri ya `push_back`, lenyewe hunakili vipengele vyote, kwa hiyo msimbo unaofanana neno kwa neno na ule wa Python wenye kosa ni sahihi kabisa katika C++. Mtu aliyezoea kuandika utafutaji wa kurudi nyuma kwa C++ kwa miaka mingi hana tabia ya kunakili, na siku anapoandika Python hakuna kinachomwonya.

Lugha ya Go huleta sura ya tatu, mbaya kuliko zote. Orodha yake ni dirisha dogo juu ya safu ya vipengele iliyo ndani ya kumbukumbu, na dirisha hukumbuka urefu wake lenyewe. Ghala likihifadhi dirisha hilo, jibu halitakuwa tupu, maana urefu wa dirisha lililohifadhiwa haupungui programu inaporudi nyuma. Lakini vipengele vilivyo chini yake vinaweza kuandikwa upya na jibu linalofuata. Tena, safu ikijaa, Go hutenga nyingine kubwa zaidi na kuhamia huko, na majibu yaliyobaki kwenye safu ya zamani hupona. Matokeo yake ni ghala lenye mchanganyiko: baadhi ya majibu sahihi, baadhi yamejirudia, baadhi yana noti ambazo jumla yake haifiki 5000 au inaipita. Jaribio lenye data ndogo linaweza kupita, na lenye data kubwa likashindwa. Katika hali kama hiyo kutazama kwa macho hakusaidii; kinachosaidia ni kupima kila jibu kwa sharti la tatizo lenyewe. Kwa mfano wa noti, katika Python kipimo hicho ni mstari mmoja, na kingefaa kuwamo hata kwenye programu inayoaminika:

```python
assert all(sum(jibu) == 5000 for jibu in majibu)
```

Orodha tupu ina jumla ya sifuri, hivyo kipimo hiki hukataa ghala lenye mabano matupu mara moja. Hakitalinasa kosa katika programu za mpangilio, ambako jibu lililorudiwa mara sita ni mpangilio halali. Huko hupimwa kama kuna majibu yaliyojirudia.

Sura ya mwisho ya kosa hili hutokea pale ambapo hakuna ghala kabisa. Python inaruhusu funksheni kutoa majibu moja moja kwa neno `yield`, ikisimama baada ya kila jibu hadi liombwe jingine. Tuseme mstari wa kuhifadhi umebadilishwa kuwa `yield njia`, na wito wa ndani ukaandikwa kwa `yield from`. Anayeyapitia majibu kwa kitanzi cha `for` na kuyachapisha papo hapo ataona yote manne yakiwa sahihi, kwa sababu kila jibu linasomwa wakati funksheni imesimama na `njia` haijaguswa. Anayeyakusanya kwa `list(...)` atapata mabano manne matupu. Funksheni ni ileile na majibu ni yaleyale, lakini mmoja ataapa kwamba inafanya kazi na mwingine ataapa kwamba haifanyi.

Hapa si rahisi kusema nani ana makosa. Kutoa orodha moja isiyonakiliwa kuna faida kwa anayesoma kila jibu na kulisahau: akihesabu mamilioni ya mipangilio ili apate idadi tu, nakala zote hizo ni kazi bure. Lakini mapatano hayo lazima yaandikwe katika maelezo ya funksheni, vinginevyo mtumiaji hana namna ya kuyajua. Waandishi wa maktaba ya kawaida ya Python walichagua upande wa usalama. Funksheni `itertools.permutations`, inayotoa mipangilio ya vitu, hutoa kila mpangilio kama `tuple`, mfuatano ambao hauwezi kuongezwa wala kuondolewa kitu baada ya kuundwa. Anayeukusanya anaweza kuuweka popote. Programu ya noti nayo inaweza kufuata mkondo huo kwa kuandika `yield tuple(njia)`: nakala inafanyika, na aliyeipokea hawezi kuibadilisha hata kwa bahati mbaya.